Ukurasa wa Shukrani Nilioandika Mara Nne

Tasnifu yangu ya Shahada ya Umahiri ilikuwa na kurasa 137, na katika hizo zote hakuna uliorudishwa mara nyingi kama ukurasa wa iv, yaani ule wa Shukrani. Sura ya pili, yenye nadharia ambayo mwenyewe niliiogopa, ilirudi mara mbili tu. Ukurasa wa iv niliuandika mara nne, na toleo lake la pili lilikaribia kumtia matatani mzee aliyenipokea nyumbani kwake kwa wema. Nausimulia mkasa huu kwa sababu kila mwaka hupata wanafunzi wanaoniomba nakala ya kazi yangu ili waangalie mpangilio, na nimegundua kwamba wengi wao huanza kwa kuunakili ukurasa huohuo, kama mimi nilivyounakili wa mwenzangu aliyenitangulia.

Nilikuwa nikichunguza msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa katika pwani ya Tanga kuelekea Pangani, na data yangu niliikusanya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Ada ya mwaka wa kwanza niliilipa kwa kujibanabana, na katika mwaka wa pili mradi mmoja wa lugha ukanilipia gharama za uwandani. Maelezo haya yana kazi hapa, kwa sababu kila mmoja wa hao waliohusika alikuja kudai nafasi yake katika ukurasa ule mmoja, na wengine walidai kwa maandishi.

Toleo la kwanza niliandika usiku mmoja kabla ya kupeleka rasimu kamili kwa msimamizi wangu. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani Shukrani ni kama salamu za barua, kitu ambacho mtu hukiandika huku akiwaza mambo mengine. Nikafungua tasnifu ya mwenzangu, nikabadilisha majina, nikaongeza watu wa kwetu. Zilitoka kurasa tatu. Nilianza na Mwenyezi Mungu kwa aya nzima, nikaendelea na wazazi, mume, watoto, mama mkwe, kaka zangu wawili na mashemeji, kisha wahadhiri kumi na mmoja kwa majina, na msimamizi akaja kutokea katikati ya ukurasa wa pili, baada ya mashemeji. Mwishoni niliweka sentensi iliyokuwamo katika kazi niliyoinakili: "Aidha, nawashukuru watahini wangu wa ndani na wa nje kwa maoni yao mazuri yaliyoiboresha kazi hii."

Siku tatu baadaye msimamizi aliniita ofisini. Rasimu ilikuwa mezani, imefunguliwa ukurasa huo, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imepiga mstari mmoja tu.

"Mwalimu," aliniambia, maana hakuacha kuniita hivyo hata siku moja, "umemshukuru mtahini wa nje kwa maoni yake mazuri. Maoni gani hayo?"

Nilikaa kimya. Mtahini wa nje alikuwa hajateuliwa. Katika chuo chetu idara ndiyo hupendekeza majina ya watahini, vikao vya juu huyaidhinisha, na mwanafunzi haambiwi ni akina nani hadi kazi itakapokwisha kusomwa. Pengine jina la wa nje halijui kabisa, kwa kuwa ripoti yake huletwa bila jina. Kwa hiyo nilikuwa nimemshukuru mtu asiyekuwapo kwa kazi asiyoifanya, tena katika nakala ambayo yeye mwenyewe ndiye angekuja kuisoma. Profesa alinieleza kwamba watahini huiona sentensi hiyo mara kwa mara, na wanaielewa kwa namna mbili. Wa kwanza husema mwanafunzi huyu amenakili ukurasa bila kuusoma, na kama amenakili huu, huenda amenakili na mwingine. Wa pili husema mwanafunzi anampaka mafuta kabla ya alama kutolewa. Hakuna fikra kati ya hizo mbili ambayo mtu angependa mtahini aifungulie nayo sura ya kwanza.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo hakuna mwongozo wa uandishi ulioniambia waziwazi, kwamba Shukrani za tasnifu ni kurasa mbili tofauti zinazokaa mahali pamoja kwa nyakati mbili. Upo ukurasa wa nakala inayokwenda kutahiniwa, ile ya jalada laini, na huo hauna neno lolote kuhusu watahini. Kisha upo ukurasa wa nakala ya mwisho, ile ya jalada gumu inayokwenda maktaba, na huo ndio unaoweza kuwashukuru, kwa kuwa sasa ripoti zao zimeshasomwa, utetezi umeshafanyika na marekebisho yameshapokelewa. Anayewashukuru wakati huo haombi kitu tena.

Kuhusu mpangilio, Profesa alinipa kipimo kimoja ambacho nimeendelea kukitumia. Alisema nianze na waliogusa maandishi, niwafuatishe waliogharimia maandishi, kisha waliotoa maneno yaliyomo ndani yake, na wa mwisho wawe wale waliomshika mwandishi mwenyewe asianguke. Mama yangu hakugusa sura hata moja, alisema, lakini bila yeye pasingekuwa na wa kuiandika. Basi na akae mwishoni, pale msomaji anapofungia macho. Nilimwuliza kuhusu Mwenyezi Mungu. Akacheka, akasema huyo hapangwi, ila aya nzima ni ndefu na sentensi moja inamtosha.

Nilirudi nikaandika toleo la pili. Sentensi moja ya kumshukuru Mungu, kisha msimamizi. Hapa palikuwa na tatizo dogo, kwa kuwa nilikuwa na wasimamizi wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alinisimamia hadi pendekezo la utafiti lilipopita katika idara, kisha akastaafu, na huyu wa sasa akanichukua kabla sijaenda uwandani. Kwa umri na kwa cheo, aliyestaafu ni mkubwa, na adabu ya kwetu ingemtanguliza mkubwa. Lakini ukurasa wa ithibati, unaotangulia Shukrani kwa kurasa mbili tu, una sahihi ya huyu wa sasa, kwa sababu ndiye anayethibitisha kwamba ameisoma kazi na anaipendekeza ikatahiniwe. Msomaji anayetoka kwenye sahihi hiyo na kukuta jina jingine limetangulia atajiuliza ni nani hasa aliyesimamia. Nikamtanguliza mwenye sahihi, na katika sentensi iliyofuata nikamshukuru mstaafu kwa kitu alichokifanya yeye peke yake: ndiye aliyenizuia nisichunguze "msamiati wa Kimtang'ata" wote, akanibana hadi nikabaki na uvuvi.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kuziandika nyingine. Nilipojaribu kumweleza kila mtu kwa kitendo chake, wahadhiri kumi na mmoja walibaki wawili. Wale tisa walikuwa walimu wazuri na niliwaheshimu, ila nilipojiuliza wamefanya nini katika tasnifu hii, jibu lilikuwa kwamba walinifundisha kozi, na kozi zile ziliwafundisha wenzangu thelathini pia. Kwa hao sentensi moja ya kuitaja idara inatosha. Orodha ndefu ya majina ina hatari nyingine: unapotaja kumi na mmoja, yule wa kumi na mbili uliyemsahau hujua kwamba amesahauliwa. Ukitaja wawili kwa vitendo vyao, hakuna anayejihisi kaachwa.

Baada ya hao nikaweka fedha. Nilikuwa na makundi manne yaliyokuwa yakigombania jina la ufadhili, na ilinibidi niyachambue moja moja. Mwajiri wangu alinipa ruhusa ya miaka miwili na mshahara ukaendelea. Nilitaka kumshukuru kwa mshahara, Profesa akaufuta, akasema mshahara ndani ya ruhusa halali ni haki ya mtumishi, na kinachoshukuriwa ni ruhusa yenyewe, kwa kuwa ingeweza kukataliwa. Chama chetu cha akiba na mikopo cha walimu kilinikopesha ada, na nilikuwa nimekiandikia maneno matamu. Nikakitoa, maana mkopo nililipa pamoja na riba, na mkopeshaji aliyelipwa hana deni la shukrani katika maandishi ya kitaaluma. Kaka yangu alinipa shilingi laki mbili za kuchapisha na kujalidi. Hizo zilikuwa zawadi, si ufadhili, hivyo kaka alihamia kwenye familia, ambako ndiko kwake.

Ukabaki mradi. Nitaurudia, kwa sababu ulinirudia.

Kosa kubwa la toleo la pili lilikuwa katika aya ya watu wa Tongoni, na lilitokana na moyo mzuri kabisa. Nilikuwa nimepita njia yote ya vibali, kutoka chuoni hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa aliyenitembeza nyumba kwa nyumba. Nikawashukuru hao kwa vyeo vyao, na hapo sikukosea. Kisha nikaandika: "Kwa namna ya pekee nawashukuru wavuvi wa Tongoni walionipa maneno yao," na nikawataja watatu kwa majina kamili. Mmoja wao nikamwita nahodha. Nilimwandika nahodha kwa sababu mwenyewe alijivunia cheo hicho, na kwa sababu ndiye aliyenikalisha kwenye kivuli cha mkungu siku tano mfululizo akinichambulia sehemu za wavu wa jarife na za mtego wa dema hadi nikaweza kuzichora.

Katika sura ya tatu nilikuwa nimeahidi, kama inavyotakiwa, kwamba majina ya watoa taarifa yatafichwa na kila mmoja atapewa namba. Fomu za ridhaa nilizowasomea wavuvi zilisema hivyohivyo. Sura ya nne ilikuwa na kijisehemu kifupi kuhusu maneno ya mafumbo yaliyotumiwa na waliovua kwa baruti, uvuvi ambao ni kosa la jinai, na maneno yale niliyapata kwa mtu mmoja. Nilimwandika hivi: "Mtoa Taarifa wa 7, mwanamume, miaka 61, nahodha." Sikuona tatizo. Namba nimeiweka, jina nimelificha.

Siku ya utetezi tulikaa katika chumba cha mikutano cha idara. Mwenyekiti wa jopo aliisoma ripoti ya mtahini wa nje, nami nikajibu hoja zake kwa takriban dakika arobaini. Ilipofika zamu ya mtahini wa ndani, hakuniuliza swali. Aliinua nakala yangu, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye ukurasa wa iv na cha mkono wa kulia kwenye ukurasa wa 88, akaigeuza kuielekea jopo, kisha akanigeuzia mimi.

"Hapa kuna nahodha mwenye jina," alisema. "Na hapa kuna nahodha mwenye miaka 61 anayejua lugha ya baruti. Tongoni kuna manahodha wangapi wa umri huo?"

Chumba kilinyamaza. Nilimtazama msimamizi wangu, naye alikuwa anatazama meza. Na yeye ilikuwa imempita. Tuliusoma ukurasa ule kwa pamoja tukitafuta nani ametangulia nani, na hakuna aliyeusoma akiwa ameshika sura ya nne kwa mkono wa pili. Nikasema tu kwamba nimekosea na nitarekebisha. Nakala za jalada laini zilikuwa nne, zote mikononi mwa chuo, na zilikusanywa siku ileile. Lakini usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza ingekuwaje kama kosa lingepita hadi nakala ya maktaba, ambayo siku hizi huwekwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako mtu yeyote akiliandika jina la yule mzee tasnifu nzima ingemjia.

Nilifaulu kwa sharti la kufanya marekebisho madogo ndani ya siku 30. Pamoja na tasnifu hutakiwa kuwasilisha jedwali la marekebisho lenye safu tatu: hoja ya mtahini, kilichofanyika, na ukurasa kinapoonekana. Mstari wa kwanza wa jedwali langu ulihusu Shukrani. Nilitoa majina yote matatu, nikaandika "wavuvi kumi na wanne wa Tongoni", idadi ambayo tayari ilikuwa katika sura ya tatu na haimfichui yeyote. Ukurasa wa 88 nikaondoa neno nahodha na nikabadilisha miaka 61 kuwa "zaidi ya miaka 50". Tangu siku hiyo, kila ninapoombwa kupitia kazi ya mtu, husoma Shukrani nikiwa nimefungua orodha ya watoa taarifa pembeni. Ni ukaguzi wa dakika tano, na mara mbili nimekuta jambo lilelile, mara moja kwa muuguzi mkuu wa kituo ambacho kilikuwa na muuguzi mkuu mmoja tu.

Katika toleo hilo la tatu ndipo watahini walipoingia, mara baada ya wasimamizi, kwa kuwa nao waligusa maandishi. Wapo wanaosema watahini wasishukuriwe kabisa, kwa hoja kwamba hakimu hashukuriwi kwa hukumu. Mimi naona hoja hiyo ni sahihi kwa nakala ya kwanza na inachusha kwa nakala ya pili. Mtahini aliyenionyesha kosa la ukurasa wa 88 alinisaidia kuliko wahadhiri wengine wote wa mwaka ule. Tatizo lilikuwa namna ya kuwataja, maana wa ndani nilimwona kwa macho na wa nje jina lake sikulijua. Kumtaja mmoja kwa jina na mwingine kwa cheo kungefanya aya ichechemee, na kuulizauliza jina la wa nje nisingeweza bila kuvunja utaratibu. Wote wawili wakabaki kwa vyeo.

Nikadhani nimemaliza. Nikatuma nakala kwa mradi ulionifadhili, kama mkataba ulivyotaka, kabla ya kupeleka kujalidiwa. Ikarudi. Mkataba ulikuwa na kifungu, nilichokitia sahihi bila kukisoma vizuri, kinachosema kwamba kila andiko litaje jina la mfadhili kama lilivyo katika mkataba, namba ya ufadhili, na tamko kwamba maoni yaliyomo ni ya mwandishi na si lazima yawe ya mfadhili. Mimi nilikuwa nimelitafsiri jina la mradi kwa Kiswahili changu, kwa mapenzi ya lugha, na namba sikuiweka kwa kuona inachafua aya. Mwandishi wa barua aliongeza kwamba wangependa watajwe mwanzoni kabisa mwa ukurasa. Nilimpelekea Profesa. Aliusoma mkataba, si barua, akasema kifungu kinadai maneno, hakidai mahali. Nikaweka maneno kama yalivyo, namba ikiwemo, na tamko lao, na nikayaacha baada ya watahini. Hawakuniandikia tena.

Familia ndiyo aya niliyoifurahia kuliko zote, ingawa ilinigharimu aibu kidogo. Mume wangu aliisoma rasimu siku moja jioni, akahesabu kwa kidole, akaniambia: "Umeandika 'uvumilivu' mara nne. Watu watadhani nimeoa mtu mgumu." Alikuwa na haki. Neno lile halisemi chochote, na kila tasnifu inalo. Nikaandika alichokifanya: alisikiliza nami rekodi za saa kumi na tisa, akiisimamisha simu kila nilipoinua mkono ili niandike. Mama mkwe alikuja kwetu kwa miezi saba, akawalea watoto wakati niko uwandani, na hilo nalo likaandikwa kwa idadi ya miezi. Baba yangu, marehemu, hakuwamo katika Shukrani, kwa kuwa nilimtabarukia kazi yote katika ukurasa unaofuata. Mtu akishapewa Tabaruku, kumrudia katika Shukrani ni kumpunguza. Niliifuta pia ile "mwisho lakini si kwa umuhimu", ambayo sote tunaiandika bila kujiuliza imetoka wapi. Ukishawapanga watu kwa sababu inayoeleweka, huhitaji kuwaomba radhi waliokaa mwisho.

Toleo la nne, baada ya kuficha majina na namba na kuziacha sentensi za wahadhiri na idara, lilisomeka hivi:

"Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na afya hadi kazi hii ilipokamilika. Namshukuru msimamizi wangu, Profesa Fulani, aliyesoma kila sura si chini ya mara mbili na kunifundisha kutenganisha ninachokijua na ninachokidhani. Na Profesa Fulani, mstaafu, aliyeisimamia kazi hii katika hatua ya pendekezo na kunielekeza kwenye msamiati wa uvuvi. Nawashukuru watahini wa kazi hii: wa ndani, kwa kuonyesha palipohitaji ulinzi zaidi wa watoa taarifa, na wa nje, kwa kunitaka nitenganishe maneno ya Kimtang'ata na yaliyoingia kutoka lahaja jirani. Utafiti wa uwandani ulifadhiliwa na mradi Fulani, namba ya ufadhili Fulani. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi na si lazima yawe ya mfadhili. Namshukuru mwajiri wangu kwa ruhusa ya masomo. Nawashukuru viongozi wa mkoa, wilaya, kata na mtaa kwa vibali na mapokezi, na wavuvi kumi na wanne wa Tongoni, ambao maneno haya ni yao. Namshukuru mume wangu, aliyesikiliza nami rekodi zote. Mama mkwe, aliyewalea wanangu kwa miezi saba. Kaka yangu, aliyegharimia uchapaji. Na mama yangu, aliyenipeleka shule. Upungufu wowote utakaoonekana ni wangu mwenyewe."

Neno linaloanza sentensi ya mwisho nililiandika kwanza "mapungufu", na mstaafu, aliyeomba kuuona ukurasa unaomtaja, alilikata na kuandika "upungufu" pembeni, akaongeza kwamba aibu iliyoje kukosea katika sentensi ya kukiri makosa. Sentensi hiyo usiiache, hata ukibanwa na nafasi. Inawaondolea msimamizi na mfadhili lawama ya makosa ambayo hawakuyafanya, baada ya kuwa umewahusisha na kazi kwa majina yao.

Jambo moja la kiufundi liliniponyoka, na nalitaja upesi. Shukrani zilipokuwa na kurasa tatu, zilichukua iv hadi vi, na Tabaruku ilikuwa vii. Ziliposinyaa kuwa ukurasa mmoja, Tabaruku ilirudi v, lakini Yaliyomo yakaendelea kusema vii, maana programu ya Word haihesabu upya mpaka iamriwe. Ni kubofya kitufe cha kulia juu ya orodha, kuchagua `Update Field`, kisha `Update entire table`. Ofisi ya uzamili ililiona, ikanirudisha kwa basi la mchana kwenda kuchapisha upya kurasa mbili.

Miezi miwili baada ya mahafali nilikwenda Tongoni na nakala moja ya jalada gumu kwa ajili ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti aliipokea, akaupata mstari wa viongozi, akausoma kwa sauti mbele ya waliokuwapo na kuridhika. Kisha nikashuka pwani. Nahodha alikuwa pale pale kwenye mkungu, anashona wavu. Nilimwamkia, nikakaa, nikamfungulia ukurasa wa iv. Anasoma, ila taratibu, na midomo yake hutembea. Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena.

"Mwanangu, mimi sijioni," alisema.

Nilimweleza kuhusu ahadi ya fomu niliyomsomea siku ile ya kwanza. Nilimweleza na habari ya ukurasa wa 88, kwa sauti ya chini. Aliitikia kwa kichwa, akatazama bahari kidogo, kisha akayarudisha macho kwenye karatasi na kuweka kidole juu ya maneno "kumi na wanne".

"Katika hawa," aliniuliza, "mimi ni wa ngapi?"

"Wa saba, mzee wangu."

"Wa saba," alisema. Akafunga kitabu, akanirudishia, akaendelea kushona.